Moto wa Fremu ya Vitambaa: Mali Ilikuwa ya Nani Usiku Ule?

Kisa hiki kimetungwa, lakini kila kipande chake ni cha kawaida kwa wanaoshughulikia madai ya bima ya moto. Mwenye duka wa Mwanza amepanga fremu ya chini yenye stoo kwa nyuma, anauza vitenge, khanga na vitambaa vya suti kwa jora na kwa mita. Usiku mmoja wa Novemba 2024 moto unaanzia kwenye nyaya zilizopita juu ya rafu za mbele na kuteketeza upande mmoja wa duka kabla ya kuzimwa. Ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji inataja hitilafu ya umeme, na hakuna anayemshuku mwenye duka kuwa aliuwasha. Hata hivyo kampuni ya bima inakataa madai yote kwa sababu mbili: kwamba vitambaa vilivyoungua havikuwa vyake, na kwamba kuna jambo alilopaswa kulisema akanyamaza.

Sababu ya kwanza inagusa maslahi ya kibima, ya pili inagusa uaminifu wa hali ya juu, yaani wajibu wa mwombaji bima kueleza yaliyo muhimu bila kuficha. Watu huzitaja kanuni hizi kwa pamoja kama pacha, ila kila moja ina saa yake. Maslahi kwenye bima ya moto hupimwa siku ya hasara: je, moto ulipowaka, huyu mtu alisimama kupoteza kitu? Uaminifu hupimwa siku ya kukubaliana mkataba, na hupimwa upya kila bima inapohuishwa, kwa kuwa kuhuisha ni kuingia mkataba mpya hata kama kilichofanyika ni kupiga simu na kutuma ada kwa simu. Kwa hiyo kisa hiki husomwa kwa tarehe.

Mwaka 2021, akiwa kwenye fremu nyingine, alipata moto mdogo wa shoti ya umeme. Hasara ilikuwa kama milioni 6, hakuwa na bima, akajikusanya mwenyewe. Mwaka 2022 alihamia fremu ya sasa, akasaini mkataba wa pango kwa jina lake, akajenga rafu, kaunta na dari kwa fedha zake. Machi 2023 alikata bima ya moto kwa jina lake binafsi: milioni 72 kwa bidhaa, milioni 10 kwa samani na rafu. Septemba 2023, kwa ushauri wa mhasibu, alisajili kampuni BRELA, akapata TIN ya kampuni, na mashine ya EFD ikaanza kutoa risiti kwa jina hilo. Kwenye hesabu za kufungulia, mhasibu aliandika bidhaa zote zilizokuwamo dukani kuwa mali ya kampuni. Machi 2024 bima ilihuishwa bila mtu kugusa jina. Julai 2024, umeme ulipokuwa ukikatika mno, akanunua jenereta.

Bado kuna kundi moja la mali. Mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo humpa vitambaa kwa mali kauli tangu 2019: anachukua, anauza, analipa. Kwenye daftari la yule wa jumla limeandikwa jina la mwenye duka na namba yake ya simu. Kampuni iliyosajiliwa 2023 haimo.

Siku ya moto dukani kulikuwa na bidhaa za milioni 96 kwa bei ya kununulia. Milioni 72 zilikuwa zile anazoziita zake, milioni 24 zilikuwa za mali kauli. Zilizoungua au kulowa maji ya zimamoto zilikuwa za milioni 48: mali kauli yote, maana ilipangwa rafu za mbele, pamoja na milioni 24 za zile nyingine. Masalio ya hizo nyingine yangeuzika kwa milioni 4, kwa hiyo hasara halisi ya bidhaa ni milioni 44. Rafu na dari ziliharibika kwa milioni 6, kati ya thamani ya milioni 9 baada ya kutoa uchakavu.

Nani alipoteza nini

Kampuni iliyosajiliwa ni mtu mwingine kisheria, hata kama mwanahisa ni mmoja na ndiye anayefungua mlango asubuhi. Kesi inayotajwa siku zote hapa ni Macaura dhidi ya Northern Assurance. Mwenye shamba kubwa huko Ireland aliuza mbao zake kwa kampuni ambayo hisa zake zote zilikuwa mikononi mwake, akaendelea kuzikatia bima kwa jina lake mwenyewe. Mbao zikaungua mwaka 1922. Mwaka 1925 Baraza la Malodi la Uingereza likasema hana madai: mbao zilikuwa za kampuni, na mwanahisa hana haki ya kisheria juu ya mali ya kampuni, wala mdai wa kampuni hana. Alipoteza kila kitu bila kuthibitishwa kuwa amefanya ulaghai.

Uamuzi huo unafika Mwanza kwa sababu sheria ya kawaida ya Kiingereza ilipokelewa Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na mahakama zetu huitegemea pale ambapo sheria zilizotungwa hapa hazijasema jambo; uamuzi wa baada ya tarehe hiyo, kama huu wa 1925, hushawishi bila kufunga. Ukiufuata kwa ukali, zile milioni 72 ambazo mwenye duka ana uhakika ni zake si zake. Mhasibu alizihamisha Septemba 2023, hati ya bima ikabaki na jina la mtu ambaye hazimiliki tena. Na kampuni inayozimiliki haina bima.

Upo mlango wa pili. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikutana na kisa kinachofanana na hiki karibu neno kwa neno: duka la bidhaa za ngozi, mwanahisa pekee, bima kwa jina lake binafsi, moto uliotokea jirani. Mahakama ilikataa kuifuata kesi ya Macaura, ikasema inatosha kwamba mtu angefaidika mali ikiwepo na angeumia ikiangamia. Uamuzi huo nao haumfungi jaji wa Tanzania. Ni hoja nzuri ya kuwasilisha, lakini asiyejua tofauti ya hoja ya kushawishi na uamuzi unaofunga atampa mteja wake matumaini yasiyo na mguu.

Sasa tazama mali kauli. Watu wengi wangedhani hiyo ndiyo sehemu dhaifu ya madai, kwa kuwa ni mali ya mtu mwingine. Kinyume chake, ndiyo yenye nguvu zaidi. Ikiwa makubaliano yalikuwa kuuziana kwa mkopo, vitambaa vilikuwa vya mwenye duka tangu vilipopakiwa. Ikiwa makubaliano yalikuwa “kisichouzika kirudi”, alikuwa amevishika kwa niaba ya mfanyabiashara wa jumla na kwa mazoea yao angevilipa vikipotea. Kwa njia zote mbili yeye binafsi alisimama kupoteza milioni 24, na hilo ndilo maslahi ya kibima. Umiliki ni aina moja tu ya maslahi. Dhima ya kulipa ni aina nyingine.

Maslahi peke yake hayatoshi, lazima hati nayo iifunike mali hiyo. Hati nyingi za bima ya moto huandika kwamba bidhaa zinazolindwa ni zile zilizo “mali ya mwenye bima, au alizokabidhiwa kwa amana au kwa kamisheni na ambazo anawajibika nazo”. Maneno haya si mapambo. Tangu kesi ya Waters dhidi ya Monarch ya mwaka 1856, mahakama za Kiingereza zimekubali kwamba aliyeshika mali ya wengine chini ya maneno ya namna hiyo anaweza kudai thamani yake yote, kisha sehemu isiyo yake anamshikia mwenye mali. Hati ya mwenye duka wetu ina maneno hayo. Isingekuwa nayo, vitambaa alivyokabidhiwa vingebaki nje hata kama maslahi yake yako wazi.

Kampuni ya bima itajibu kwamba mali kauli nayo iliingia kwenye kampuni, kwa kuwa ilikuwa ikiuzwa kwa risiti za EFD za kampuni. Hapa daftari la Kariakoo ndilo linaloamua, pamoja na malipo ya nyuma: yalitumwa kutoka namba ya nani, na risiti za ununuzi zilitolewa kwa TIN ipi? Kama baada ya Septemba 2023 zilianza kutoka kwa jina la kampuni, hoja inayumba vibaya. Katika kisa hiki hazikubadilika.

Rafu na dari hazina ugomvi. Aliyezilipia ni yeye, mkataba wa pango ni wake, na mhasibu hakuziingiza kwenye hesabu za kampuni. Jengo ni la mwenye nyumba, ila bima haikuwa ya jengo.

Neno lililoandikwa kwenye fomu

Sababu ya pili ya kukataa ni nzito zaidi, kwa kuwa ikisimama inaangusha hati nzima, pamoja na rafu na mali kauli. Msingi wake ni kesi ya Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766, ambamo Jaji Mansfield alieleza kwamba mtoa bima hubahatisha kwa kutegemea mambo ambayo mara nyingi mwombaji pekee ndiye anayeyajua, kwa hiyo mwombaji asiyafiche. Anayetakiwa kusema hasubiri kuulizwa. Jambo la kusema ni lile ambalo lingemgusa mtoa bima mwenye busara katika kuamua kama akubali, na kwa ada gani. Akilificha, hata kwa kusahau, kanuni ya zamani inamruhusu mtoa bima kuufuta mkataba tangu mwanzo na kurudisha ada. Uingereza yenyewe imeilegeza: Sheria yake ya Bima ya 2015 huruhusu fidia ipunguzwe kwa uwiano pale ambapo mtoa bima angekubali lakini kwa ada kubwa zaidi. Sheria hiyo haituhusu, na huku adhabu imebaki yote au hakuna.

Moto wa 2021 ni jambo la kusema? Ndiyo. Ni moto wa duka la vitambaa, umetokana na umeme, miaka miwili kabla ya kuomba bima. Kwamba hakuwa na bima wakati ule hakubadilishi kitu, maana mtoa bima anataka kujua tabia ya biashara na ya nyaya zake, hata kama hakuna aliyewahi kumlipa. Mwenye duka anasema alimweleza wakala wa bima, naye wakala akajaza “Hapana” na kumpa fomu asaini. Hadithi hii husikika sana na mara nyingi ni ya kweli. Lakini kesi ya Newsholme ya mwaka 1929 ilisema wakala anapomjazia mwombaji fomu, kwa kazi hiyo ni mkono wa mwombaji, na alichokijua akakiandika vibaya hakihesabiwi kuwa kimejulikana na kampuni. Sahihi chini ya fomu humfunga aliyesaini. Ndiyo maana anayechunguza madai haya huomba nakala ya fomu kabla ya kusikiliza maelezo ya mdomo.

Na nakala ikisomwa, kesi inageuka. Swali lililochapwa lilikuwa: “Katika miaka 5 iliyopita, umewahi kudai fidia ya moto kwa kampuni yoyote ya bima?” Jibu “Hapana” ni la kweli, kwa kuwa hakuwahi kudai. Kampuni itasema wajibu wa kueleza ni mpana kuliko maswali, na kwa kanuni ya jumla iko sawa. Lakini mtoa bima anayeuliza swali jembamba anaweza kuhesabiwa kuwa ameacha kutaka yaliyo nje yake: mtu wa kawaida akisoma swali hilo angeona kinachotakiwa ni madai, hasara asiyoidai haimo. Ikumbukwe pia kwamba katika Carter dhidi ya Boehm aliyeshinda ni mwenye bima, kwa sababu mtoa bima angeweza kuyajua au kuyauliza yale aliyolalamikia kufichwa. Mzigo wa kuthibitisha kufichwa uko kwa kampuni. Kwa swali lililoandikwa hivi, upande wa mwenye duka una nafasi nzuri zaidi. Lingeandikwa “umewahi kupata hasara ya moto, uwe ulikuwa na bima au la?” hapangekuwa na la kutetea.

Jenereta inaonyesha saa ya kanuni hii inavyofanya kazi. Ingekuwepo Machi 2024 na dumu la petroli ndani ya stoo, kunyamaza wakati wa kuhuisha kungekuwa kosa la uaminifu. Ilinunuliwa Julai, mkataba ukiwa umeshafungwa, na wajibu wa kueleza kabla ya mkataba ulikuwa umekwisha. Kinachobaki ni masharti ya hati, na hati nyingi za moto zina sharti linalosema ulinzi unasita hatari ikiongezeka bila kampuni kukubali. Katika kisa hiki jenereta na dumu vilikaa uani, nje ya ukuta, na moto haukufika huko. Dumu lingekuwa ndani, kusema “moto haukuanzia kwenye petroli” kusingemwokoa kwa hakika, kwa kuwa sharti la namna hiyo huangalia hatari iliyoongezeka bila kujali chanzo cha moto.

Uaminifu haukomi siku ya kusaini, upo hata wakati wa kudai, na hapa wenye madai halali hujiharibia wenyewe. Mwenye duka alianza kwa kuandika bei ya kuuzia, akapata milioni 62.4 badala ya 48. Hilo si ulaghai akiwa amelieleza wazi, ni kutojua tu kwamba bima ya moto hulipa gharama ya bidhaa bila faida ambayo haijapatikana. Kuongeza majora ambayo hayakuwapo ni jambo jingine. Jora lililobanwa halipotei lote kwa moto wa saa chache: huungua nje, ndani hubaki kiini kilichokaushwa. Mtathmini wa hasara hupima urefu wa rafu, huhesabu viini, kisha hulinganisha na risiti za ununuzi. Rafu iliyobeba majora 150 haiwezi kuteketeza 400. Risiti moja ya kughushi inatosha kuzamisha hata sehemu ya madai iliyo ya kweli.

Hesabu ikitulia

Tuseme hoja ya kuficha imeshindwa na kesi ya Macaura imefuatwa kwa ukali. Bidhaa za kampuni zinatoka. Zinabaki za mali kauli za milioni 24, zilizoungua zote, chini ya kiwango cha bima cha milioni 72, kwa hiyo hazina upungufu na zinalipwa zote. Ongeza milioni 6 za rafu: jumla milioni 30. Hati ina kiasi cha kujibebea, yaani sehemu ya hasara anayobeba mwenye bima mwenyewe, cha asilimia 10 ya madai, basi analipwa milioni 27. Lakini milioni 24 anazidai mtu wa Kariakoo, na fidia ya bidhaa ikishakatwa asilimia 10 hata deni hilo haitoshi kulimaliza. Kwa hasara ya milioni 20 ya vitambaa vya kampuni hapati hata senti.

Tuseme sasa jina lilikuwa sahihi, yeye na kampuni wote wameandikwa. Bidhaa zote zinaingia, thamani yake ni milioni 96, kiwango cha bima ni milioni 72. Hapo kipengele cha wastani kinafanya kazi: aliyekatia robo tatu ya thamani hulipwa robo tatu ya hasara. Milioni 44 zinakuwa 33, jumla na rafu 39, na baada ya kutoa asilimia 10 zinabaki milioni 35.1. Upungufu huo ulitoka wapi? Alipokata bima alihesabu “zake” tu, milioni 72, bila kukumbuka kwamba maneno yaleyale yanayoifunika mali kauli pia huihesabu kwenye thamani ya duka. Angekata kwa milioni 96 angepata milioni 50 kabla ya kujibebea, 45 baada yake.

Barua ya kujibu kukataliwa, basi, haina haja ya kulalamikia ukatili wa makampuni ya bima. Inatenganisha madai kwa mafungu matatu, kwa kuwa kila fungu lina msingi wake. Kwa rafu, inaambatisha mkataba wa pango na risiti za fundi za 2022. Kwa mali kauli, barua ya mfanyabiashara wa jumla ikieleza masharti yao, nakala ya kurasa za daftari na miamala ya malipo ya miezi kadhaa kabla ya moto. Kwa bidhaa za kampuni, usajili wa BRELA unaoonyesha mwanahisa ni mmoja, hoja ya Kanada, na kama wakala alijua kuhusu kampuni, ujumbe wowote wa simu unaothibitisha hilo. Ujumbe wa maandishi kabla ya Machi 2024 una uzito kuliko kiapo cha baada ya moto. Kuhusu moto wa 2021, barua inanukuu swali la fomu neno kwa neno. Isiseme “nilimwambia wakala” kama hoja ya kwanza, maana inakiri kwamba jambo lilikuwa la kusemwa na halikuandikwa. Ikikwama, upo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kufikiria mahakama.

Kilichokosekana Septemba 2023 ni karatasi moja ya marekebisho ya hati, inayoombwa kwa barua siku mali inapohamia kwenye kampuni. Sehemu ya jina la mwenye bima ingesomeka: jina la mtu, na kampuni yake, kila mmoja kwa maslahi yake. Sehemu ya bidhaa ingesomeka: mali yao au waliyokabidhiwa kwa amana, kwa kamisheni au kwa mali kauli na ambayo wanawajibika nayo, thamani milioni 96 kwa bei ya kununulia. Wakala akijibu kwamba hilo litashughulikiwa wakati wa kuhuisha, bado hakuna kilichobadilika kwenye hati. Nakala yenye mhuri wa kampuni ya bima ikishaingia kwenye faili la duka, ndipo mhasibu anaweza kupitisha hesabu za kufungulia.